Hesabu Ndefu ya Wamaya: siku nzima, nyota ya Zuhura na piramidi za mawe

Hesabu Ndefu ni jumla ya siku zote zilizopita tangu siku ya mwanzo ambayo Wamaya wa kale waliichagua wenyewe. Haianzi upya mwaka ukiisha wala mfalme akifa. Kwa kalenda yetu, siku hiyo ya mwanzo inaangukia Agosti 11 mwaka 3114 kabla ya Kristo. Wakati huo hapakuwa na mji hata mmoja wa Wamaya: waliifikia kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Tuchukue tarehe moja tuisome. Mfalme Pakal wa Palenque, kusini mwa Meksiko, alifariki mwaka 683, na siku ya kifo chake ikachongwa kwenye jeneza lake la mawe. Kwa tarakimu zetu inaandikwa 9.12.11.5.18. Soma kutoka mwisho: 18 ni siku. Nambari 5 ni mafungu ya siku 20. Nambari 11 ni ya tun, yaani siku 360 kila moja. Nambari 12 ni ya katun, siku 7,200 kila moja, na 9 ni ya baktun, siku 144,000 kila moja. Zidisha kila fungu, jumlisha, unapata siku 1,386,478. Mchonga mawe anatuambia kwamba hiyo ndiyo idadi ya siku zilizokwisha kupita tangu mwanzo hadi Pakal anakata roho.

Jambo la kushika ni kwamba hesabu hii ni ya siku nzima tu. Hakuna nusu wala robo. Mwaka wao wa jua ulikuwa na siku 365: miezi 18 ya siku 20, kisha siku 5 za mkiani. Hawakuongeza siku moja kila mwaka wa nne kama tunavyofanya sisi kila Februari, kwa hiyo mwaka wao ulikuwa ukiyatangulia majira taratibu. Watu wa pwani yetu hawatashangaa, maana mwaka wa zamani wa Nairuzi nao ulihesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada, nao ukateleza vivyo hivyo. Kando ya mwaka huo Wamaya walikuwa na mzunguko mwingine wa siku 260, unaotokana na nambari 13 zinazopokezana na majina 20 ya siku. Huo ndio uliokuwa na uzito wa ibada, na ndio unaofungua mengine yote.

Sasa Zuhura. Nyota hii huonekana alfajiri mashariki kwa miezi kadhaa, hupotea, hutokea jioni magharibi, hupotea tena kwa siku chache, kisha hurudi alfajiri. Mzunguko mzima huchukua wastani wa siku 583.92. Mtu anayehesabu siku nzima tu ataushikaje?

Jibu limo katika kitabu cha kukunja cha karatasi ya gome la mti, ambacho kimehifadhiwa Dresden, Ujerumani, tangu mwaka 1739. Kurasa sita ni za Zuhura. Mzunguko umewekwa kuwa siku 584, ukagawanywa hivi: siku 236 za alfajiri, 90 za kutoonekana, 250 za jioni, na 8 za kutoonekana tena. Mgawanyo huu hauendi sawasawa na anga, kwa kuwa kwa kweli Zuhura hukaa alfajiri na jioni muda unaokaribiana. Ila zile siku 8 za mwisho ziko karibu sana na ukweli, na ndizo zilizowashughulisha, kwani baada yake nyota huchomoza alfajiri kwa mara ya kwanza. Kitabu kinaichora asubuhi hiyo kama mungu aliyeshika mkuki, na chini yake aliyechomwa. Ilikuwa siku ya kuogopwa, na mtabiri alipaswa kuijua kabla haijafika.

Mizunguko 5 ya siku 584 ni siku 2,920, ambazo ni miaka 8 kamili ya siku 365. Mizunguko 65 ni siku 37,960, na hapo Zuhura, mwaka wa 365 na ile hesabu ya 260 vinakutana siku moja yenye jina lilelile, 1 Ajaw. Lakini kufikia hapo jedwali limechelewa siku 5 nyuma ya nyota yenyewe. Mtu mwingine angepunguza siku 5 akaendelea. Wao hawakuweza, kwa sababu jina la siku lingeharibika.

Walichofanya, kwa jinsi wataalamu walivyozisoma nambari za ukurasa wa utangulizi, ni kukatiza jedwali mapema. Mizunguko 61 ni siku 35,624. Ukitoa 4 unabaki na 35,620, nayo inagawanyika kwa 260 bila baki, kwa hiyo unarudi kwenye 1 Ajaw. Bado kuna kasoro ya karibu siku moja. Ukirudia mara nne, kasoro inafika siku tatu na nusu. Ndipo safari ya tano unakatiza kwenye mzunguko wa 57 na kutoa siku 8, ambazo zinazidi mahitaji kwa karibu siku tatu na nusu zilezile. Jumla umetoa siku 24 katika mizunguko 301. Ukipiga hesabu kwa ule wastani wa 583.92, unakuta wamepishana na nyota kwa saa mbili hivi katika miaka zaidi ya 480. Mimi nimeirudia hesabu hii kwa kalamu mara kadhaa, na kila mara napata heshima mpya kwa waliofika hapo bila sehemu za siku.

Jedwali huhitaji kupimwa dhidi ya anga, na hapo mawe yanaingia. Chichen Itza kuna mnara wa duara uitwao Karakoli, ambao umebakiza madirisha machache finyu juu. Zuhura hutua mahali tofauti kwenye upeo wa macho, na sehemu yake ya mwisho kabisa kaskazini hujirudia takribani kila miaka 8. Jukwaa la mnara huo limeelekezwa karibu na hapo. Kwa jua, mji wa Uaxactun nchini Gwatemala una piramidi magharibi na mahekalu matatu mbele yake mashariki. Ukisimama kwenye piramidi, jua la Juni linapofika mwisho wake huchomoza upande wa hekalu la kaskazini, la Desemba upande wa lile la kusini, na katikati ya nyakati hizo jua huchomoza upande wa hekalu la katikati.

Tahadhari moja. Piramidi ya Kukulkan, hukohuko Chichen Itza, ina ngazi 91 kila upande, na ukijumlisha ile ya juu zinakuwa 365. Mnamo Machi na Septemba kivuli chake hutambaa kama nyoka, na watalii hufurika. Lakini kivuli hicho huonekana kwa siku nyingi mfululizo, hivyo hakiwezi kukuambia leo ni siku ipi hasa. Majengo mengi ya kale ya eneo lile yameelekezwa kwingine, mahali jua linapochomoza karibu na Februari 12 na tena karibu na Oktoba 30. Hesabu siku zilizopo kati ya tarehe hizo mbili: ni 260, muda unaokaribia ule wa kuandaa shamba la mahindi hadi kuvuna.

Katika milima ya Gwatemala, walinzi wa siku wa Wakiche, ambao ni Wamaya wa leo, wangali wanazihesabu hizo 260, siku moja baada ya nyingine.