Asilimia ya jumla inapomdanganya mgonjwa: maswali na majibu

Nimesoma kwamba mawe ya figo yakitolewa kwa tundu dogo mgongoni, wanaofanikiwa ni asilimia 83, na kwa upasuaji wa wazi ni asilimia 78. Si basi ya tundu ndiyo bora?

Hapana. Tarakimu hizo ni za kweli, zilitoka Uingereza mwaka 1986, ila peke yake hazitoshi kumchagulia mtu tiba. Kila njia ilihesabiwa kwa wagonjwa 350. Kwa tundu walifanikiwa 289, kwa upasuaji wa wazi 273. Mgonjwa akiishia hapo ameshaamua, na wengi tunaowapokea wameishia hapo hapo: wanakuja na asilimia za tiba mbili kwenye simu, wamekwisha kataa walichoshauriwa.

Sasa tenganisha wagonjwa hao hao kwa ukubwa wa jiwe. Wenye mawe madogo, yasiyofika sentimita 2, upasuaji wa wazi uliwafaa 81 kati ya 87, yaani asilimia 93. Tundu liliwafaa 234 kati ya 270, asilimia 87. Wenye mawe makubwa, upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa 192 kati ya 263, asilimia 73, na tundu kwa 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji wa wazi uko mbele kwa mawe madogo, uko mbele kwa mawe makubwa, halafu ukijumlisha unakuwa nyuma.

Inawezekanaje njia ishinde kote kote kisha ishindwe kwenye jumla? Hapo si mtu amekosea kuhesabu?

Hakuna aliyekosea. Zijumlishe mwenyewe: 81 na 192 ni 273, na 234 na 55 ni 289.

Tazama ni nani aliyepelekwa wapi. Kati ya wagonjwa 350 wa upasuaji wa wazi, 263 walikuwa na mawe makubwa. Kati ya 350 wa tundu, 270 walikuwa na mawe madogo. Jiwe kubwa ni gumu kulimaliza kwa njia yoyote ile. Kwa hiyo upasuaji wa wazi ulibebeshwa kazi ngumu, na tundu likapewa nyepesi. Asilimia ya jumla imechanganya mambo mawili, uwezo wa tiba na uzito wa ugonjwa wa waliopewa tiba hiyo, na wewe msomaji huoni kipi kimechangia kiasi gani.

Njia ya kuhakikisha ni kuzipa tiba zote mbili mchanganyiko mmoja wa wagonjwa. Katika hao 700, wenye mawe madogo walikuwa 357 na wenye makubwa 343. Tuseme wote 700 wangepita upasuaji wa wazi na kila kundi likafanikiwa kwa kiwango chake kile kile: wangepona kama 583, asilimia 83. Wote wangepita tundu: kama 545, asilimia 78. Jumla zimebadilishana nafasi, na hakuna kilichoguswa isipokuwa mgawanyo wa wagonjwa.

Jambo hili lina jina?

Huitwa kitendawili cha Simpson, kwa jina la mtakwimu Mwingereza Edward Simpson aliyeliandikia mwaka 1951. Maana yake ni hiyo hiyo: mwelekeo unaoonekana ndani ya kila kundi unageuka makundi yakiunganishwa.

Kwa hiyo nidai upasuaji wa wazi?

Usikimbilie upande wa pili sasa. Tofauti ya asilimia 93 na 87 kwa idadi ile ya watu, na ile ya 73 na 69, zinaweza kutokana na bahati tu. Tena wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na huenda walitofautiana kwa mengine zaidi ya ukubwa wa jiwe. Vifaa navyo vimebadilika sana. Siku hizi upasuaji wa wazi kwa mawe ya figo ni nadra. Mfano huu haukuchagulii tiba. Unakuonyesha kwa nini zile 83 na 78 haziwezi kukuchagulia.

Tumeambiwa tumhamishie mzee wetu hospitali ya rufaa. Huko nasikia wanakufa wengi kuliko hapa. Si heri abaki?

Hapana. Hili nitalirudia kila linapoulizwa, kwa sababu ndilo linaloua: hapana, msimbakishe.

Hospitali ya rufaa hupelekewa walioshindikana kwingine: aliyepoteza damu nyingi, mwenye maambukizi yaliyoenea mwilini, ambaye figo zimesimama. Kituo kidogo hubaki na wenye nafuu, na anayezidiwa anahamishwa kabla hajafa, kwa hiyo kifo chake kinaandikwa kule. Hata kama rufaa inawatibu vizuri zaidi wagonjwa wazito na wagonjwa wepesi pia, asilimia yake ya vifo kwa jumla inaweza kuwa juu. Ni hesabu ile ile ya mawe ya figo.

Mgonjwa wenu tayari yuko kwenye kundi la wazito, ndiyo maana ameandikiwa rufaa. Mlinganisheni na wazito wenzake: wa hali kama yake wanaobaki hapa wanaishiaje, na wanaofika kule mapema wanaishiaje?

Lakini jirani yetu alipelekwa huko akafia mlangoni. Hata hilo nalo si ushahidi?

Wanaofia mlangoni mara nyingi ni wale ambao familia ilikaa kikao kwanza. Walijadili siku mbili, wakasubiri ndugu fulani afike, mgonjwa akaondoka nyumbani akiwa hajitambui. Kisha kifo hicho kinahesabiwa kwa hospitali ya rufaa, kinaongeza asilimia ile ile inayowatisha, na familia inayofuata inachelewa zaidi. Mkishaandikiwa rufaa, ondokeni. Maswali yaulizeni mkiwa njiani.

Basi kila tarakimu nikiiona niitenganishe kwa makundi?

Inategemea kundi lilikuwepo lini. Ukubwa wa jiwe ulikuwepo kabla daktari hajachagua tiba, na ulichangia katika uchaguzi wake. Kitu cha namna hiyo, kama vile umri au uzito wa ugonjwa siku ya kufika, kitenganishe. Kilichozaliwa na tiba yenyewe usikitumie kutenganisha. Chukua dawa ya shinikizo la damu inayozuia kiharusi kwa kushusha shinikizo. Ukiwagawa wagonjwa kwa shinikizo lao la baada ya dawa, utalinganisha watu ambao shinikizo lao limeshafanana, na faida ya dawa itaonekana kama haipo. Hapo jumla ndiyo inayosema kweli, makundi ndiyo yanayopotosha. Tarakimu peke yake hazitakuambia uko kwenye hali ipi. Lazima ujue tiba inafanyaje kazi.

Nimuulize nini daktari anaponitajia asilimia?

Muulize: "Hiyo ni ya wagonjwa wote au ya wenye hali kama yangu?" Akisema ya wote, muulize wagonjwa wagumu zaidi hupewa tiba ipi. Kama ni mawe ya figo, muombe akutajie ukubwa wa jiwe lako kwa milimita na mahali lilipo, halafu akupe matokeo ya mawe ya aina hiyo.

Ila ukiwa na maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo umekatika, huo si wakati wa kulinganisha asilimia. Figo iliyozibwa huku ina maambukizi inaweza kuharibika haraka, na maambukizi yakaingia kwenye damu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.