Kibao kilichofichwa nusu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu picha za mtihani wa udereva

Mwanafunzi wa leseni anaweza kukariri vibao vyote vya kitabuni, kila kimoja kikiwa kimesimama peke yake kwenye karatasi nyeupe, halafu akawekewa picha ya barabara halisi akakwama. Kibao kimefunikwa na tawi la mwarobaini, au kimesimama nyuma ya tipa, au kimegeuka upande hata hakionekani vizuri. Nimefundisha watu alama za barabarani kwa muda wa kutosha kuona kwamba tatizo mara nyingi si kukosa kusoma. Wamefika na dhana fulani vichwani, na dhana hizo ndizo zinazowapoteza.

Ninayoyaeleza hapa yanafuata mfumo wa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, ambao ndio msingi wa vibao katika nchi nyingi za Ulaya, na vibao vya Afrika Mashariki vinafanana navyo kwa sehemu kubwa. Kila nchi ina tofauti zake ndogo, kwa hiyo kitabu cha nchi unakofanyia mtihani kiwe mezani.

Dhana: Rangi ndiyo ya kutazama kwanza, na nyekundu ni katazo.

Anza na umbo. Rangi nyekundu inazunguka pembetatu ya tahadhari, inazunguka duara la katazo, na inajaza kibao cha kusimama. Ukisema tu "nimeona nyekundu", bado hujasema kitu. Lakini ukisema "nimeona ncha ya pembetatu inayoangalia juu", tayari umeondoa amri na makatazo yote: hiyo ni tahadhari, iwe ndani yake kuna ng'ombe, tuta au watoto wa shule. Ncha ikiangalia chini, ni kibao cha kupisha, maana hakuna kibao kingine kilichopewa umbo hilo.

Ubora wa umbo ni kwamba halififii. Jua la miaka mingi huifanya nyekundu iwe waridi, na picha iliyopigwa jioni huigeuza kahawia. Kibao cha kusimama chenye pembe nane kilianza Marekani miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa kilikuwa cha njano, kwa sababu rangi nyekundu isiyofifia haraka ilikuwa haijapatikana. Kilifanywa chekundu mwaka 1954. Muda wote huo madereva walikitambua kwa pembe zake.

Kwa hiyo pembetatu ikionekana kipande, usihangaike na mchoro wa ndani. Tafuta ubapa uko wapi. Ukiona ukingo ulionyooka kwa juu, ni cha kupisha. Ukiona ukingo ulionyooka kwa chini, na pembe mbili zimekaa kushoto na kulia, ni tahadhari. Na ukiona doa lolote jeusi katikati, hata kama hujui ni mchoro wa nini, elekea kwenye tahadhari, kwa kuwa kibao cha kupisha huwa kitupu ndani au kina maneno tu.

Pembenane nayo huchanganywa na duara la "usiingie", kwa sababu vyote viwili vimejaa nyekundu. Hapo tazama kingo. Pembenane ina kingo zilizonyooka juu, chini na ubavuni, na weupe wake wa ndani umekatikakatika kwa kuwa ni herufi. Duara halina mahali paliponyooka, na weupe wake ni mstari mmoja mnene uliolala, usiokatika.

Dhana: Bila mstari wa mshazari, hakuna katazo.

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, nao hawana lawama, maana macho yetu yamezoea ile sigara iliyokatwa kwa mstari. Katika mfumo wa Vienna, ukingo mwekundu wa duara peke yake unatosha kukataza. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na baiskeli ndani yake linasema baiskeli zisipite, hata kama baiskeli yenyewe haijakatwa. Baiskeli hiyohiyo ikiwa nyeupe ndani ya duara la bluu, maana inageuka kabisa: hii ni njia ya baiskeli, na mwenye baiskeli aitumie. Mchoro ni mmoja. Kilichobadili maana ni duara lililouzunguka. Zipo nchi zinazoongeza mstari kwenye makatazo yao, lakini mtahiniwa anayesubiri mstari ndipo aamini atakosea pale usipowekwa.

Rangi ya mstari nayo iangaliwe. Mstari mwekundu unakataza. Mistari myeusi au ya kijivu inayokatiza duara jeupe ina maana kwamba katazo lililotangulia limekwisha. Kwenye picha ndogo watu huona "kitu kimekatwa" wakajibu kinyume.

Dhana: Bluu ni maelezo tu.

Bluu ikiwa kwenye mraba au mstatili, ni kweli, ni maelezo. Ikiwa kwenye duara, ni amri. Mfano mzuri ni kipilefti. Mishale mitatu inayofukuzana ndani ya duara la bluu inakuamuru uzunguke kwa kufuata mishale. Mishale hiyohiyo ndani ya pembetatu inakuambia kipilefti kiko mbele, jiandae.

Mishale hiyo inakupa na jambo la ziada. Ikizunguka kama mshale wa saa, uko mahali ambapo magari yanapita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ikizunguka kinyume cha saa, magari yanapita kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Aliyejifunzia Dar es Salaam akafanyia mtihani Kigali asikurupuke kudhani picha imekosewa.

Bluu ina vibao viwili ambavyo havifuati kanuni niliyoitoa sasa hivi: duara la bluu lenye ukingo mwekundu, likiwa na mstari mmoja mwekundu wa mshazari, au mistari miwili inayopishana. Cha mstari mmoja kinakataza kuegesha. Cha miwili kinakataza hata kusimama. Nchi kadhaa hutumia herufi P iliyokatwa kwa katazo la kuegesha, lakini tuchukue hivi vya bluu, kwa sababu vinaonyesha vizuri jinsi kipande kidogo kinavyoweza kutoa jibu kamili.

Tuseme picha ina barabara ya mjini, na tawi limefunika kibao juu na upande wote wa kulia. Umebaki na robo moja tu: ya chini, kushoto. Unaona ukingo mwekundu uliopinda, na ndani yake bluu tupu. Majibu ni manne: njia ya upande mmoja, usiingie, usiegeshe, usisimame.

Ukingo umepinda, kwa hiyo ni duara. Njia ya upande mmoja inaondoka, kwa kuwa hiyo ni mstatili wa bluu au mraba, na haina ukingo mwekundu. Usiingie inaondoka, kwa kuwa ingekuwa nyekundu ndani. Vimebaki viwili. Sasa kumbuka mstari unapita wapi. Kwenye "usiegeshe" mstari mmoja unashuka kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Haugusi robo ya chini kushoto. Kwenye "usisimame" kuna mstari wa pili unaotoka juu kulia hadi chini kushoto, na ungepita katikati ya robo unayoiona. Robo yako ni bluu tupu, basi jibu ni usiegeshe. Unaweza kusimama kidogo kushusha abiria, lakini usiliache gari.

Badilisha picha kidogo tu: tawi limeacha robo ya chini kulia. Hapo mstari utauona kwenye vibao vyote viwili, na kipande hicho hakiwezi kuvitenganisha. Ukijua hivyo, hutapoteza dakika ukikodolea macho mahali pasipo na jibu. Tafuta kipande kingine kinachochungulia kati ya majani, au kibao hichohicho kilichorudiwa mbele zaidi. Wala usitegemee gari lililoegeshwa chini yake kuwa ushahidi. Dereva wake anaweza kuwa amevunja sheria, na watunga mitihani huliweka pale makusudi.

Dhana: Mchoro nisioujua umenishinda.

Umbo na rangi vimeshakuambia kibao kinataka nini. Mchoro unaongeza tu kinahusu nini. Chukua pembetatu yenye ndege ndani. Wengi hujibu "uwanja wa ndege uko mbele". Hayo yangekuwa maelezo, na maelezo hayakai ndani ya pembetatu. Kwa kuwa ni tahadhari, jiulize ndege inaweza kumfanyia nini dereva: kupita chini ghafla kwa kishindo na kumshtua. Hilo ndilo jibu. Ndivyo ilivyo kwa gari linalotumbukia kwenye mawimbi: si tangazo la kivuko, ni onyo kwamba barabara inaishia majini, ukingoni mwa gati au mto.

Dhana: Kibao kilichonipa mgongo hakinihusu.

Hakikuamuru wewe, lakini kinakueleza wengine wameamriwa nini. Uko kwenye barabara inayokaribia makutano, na kwenye mdomo wa barabara inayoingia kutoka kushoto unaona bati la kijivu lenye pembe nane, limegeuka upande. Maandishi huyaoni, na huyahitaji. Anayetoka kushoto lazima asimame. Ndiyo maana vibao vya kusimama na kupisha vilipewa maumbo ambayo vingine havina: vitambulike hata kwa nyuma.

Lakini tahadhari moja. Kwenye njiapanda, ukiona mgongo wa pembenane kwa anayekuja mbele yako, umejua habari za huyo peke yake. Hujajua za wanaotoka kushoto na kulia, wala hujaachiliwa wewe. Huenda upande wako pia kuna pembenane iliyofichwa na lile tipa. Teremsha macho kwenye lami. Mstari mnene mweupe usiokatika, uliolazwa kukatiza upande wako wa barabara, ni wa kusimama. Uliokatikakatika ni wa kupisha. Tipa linaweza kuficha kibao chote na bado likaacha nusu mita ya mstari huo ikionekana chini ya matairi yake.