"Anaongea ovyo" ni ovyo gani? Je, wajua jinsi ya kuandika hali ya akili ya mgonjwa

"Niko intaani, kila nikiandika 'amechanganyikiwa, saikotiki, anaongea ovyo' kwenye faili, daktari ananirudishia niandike upya. Kwanini, wakati kila mtu anaelewa?"

Hapo kwenye kila mtu kuelewa ndo kuna tatizo, kwa sababu kila mtu anaelewa chake. Nesi wa zamu ya usiku akisoma "amechanganyikiwa" anaelewa mgonjwa hajui yuko wapi, kwa hiyo anamwekea mtu wa kumwangalia asianguke kitandani. Daktari wa asubuhi anaelewa mgonjwa anasikia sauti, anaandika sindano. Ndugu yake anaelewa kachanganyikiwa na mawazo tu, mke kaondoka, atatulia. Neno ni moja kwenye karatasi ila wagonjwa vichwani mwao ni watatu.

Vichwa vya uchunguzi wenyewe unavijua: mwonekano na tabia, usemi, hisia, mtiririko wa mawazo, yaliyomo kwenye mawazo, anachoona au kusikia ambacho wengine hawakioni, umakini na kumbukumbu, na jinsi anavyoielewa hali yake. Sivirudii.

Kinachonishughulisha ni dhana moja iliyoshika sana mawodini, kwamba neno kama "saikotiki" ndo la kitaalamu, na kueleza ulichokiona kwa sentensi za kawaida ni kazi ya anayeanza. Mambo yako kinyume kabisa. "Saikotiki" ni hitimisho, na ukiandika hitimisho peke yake unakuwa umetupa ushahidi uliokufikisha hapo, anayekuja nyuma yako hana cha kukagua, anaweza kukubali au kukataa basi. Na hili lilishawahi kupimwa kwa madaktari bingwa, sio intaani. Miaka ya 1960 takwimu zilionyesha hospitali za Marekani zinagundua skizofrenia kwa wingi sana kuliko za Uingereza, mpaka watu wakajiuliza kama Wamarekani kweli wanaugua zaidi. Timu ya pamoja ikaenda New York na London, ikahoji wagonjwa waliolazwa kwa maswali yaleyale yaliyopangwa, na dalili zikatajwa kwa maana zilezile, matokeo yakachapwa 1972. Ile tofauti kubwa sehemu yake kubwa ikayeyuka, yaani wagonjwa walikuwa wanafanana kuliko majina waliyopewa. Waliwaonyesha pia madaktari wa pande zote mbili video za wagonjwa walewale, na kuna mgonjwa mmoja ambaye zaidi ya nusu ya Wamarekani walimwita mwenye skizofrenia huku Waingereza karibu wote wakikataa. Mtu yuleyule, mahojiano yaleyale! Mimi naona hakuna hoja nzito kuliko hiyo kwa mtu anayedhani lebo inaeleweka na wote.

Sasa tuje kwenye "anaongea ovyo", maana hapa ndo pana utajiri. Chukulia swali ni daladala inayotoka Mbagala na jibu ni Kariakoo, halafu angalia gari inapita wapi. Unamuuliza mgonjwa "leo umefikaje hospitali?"

Wa kwanza anakwambia ameamka saa kumi na mbili, chai haikuwa na sukari, akatumwa mtoto dukani, duka likawa limefungwa, mjomba akapiga simu, mjomba huyu ndo yule wa Kibaha, basi mjomba akaja akampakia kwenye boda akamleta. Gari imepita vichochoro vyote ila Kariakoo imefika. Hiyo ni kuzungukazunguka, na watu wengi wazima kabisa wanaongea hivyo, usimpe mtu ugonjwa kwa hilo.

Wa pili anasema "nimekuja na mjomba, mjomba ana shamba Kibaha, mihogo mwaka huu imeoza yote", na hapo kwenye mihogo anabaki, ukimsubiri harudi. Gari imekata kona Temeke ikapaki. Hii ni kupinda kando ya swali: unaona alipotokea, unaona alipoishia, jibu hakuna.

Wa tatu anasema "nimekuja na boda. Serikali ina macho ya bluu. Dada amefunga shule kwa hiyo mvua." Hapa abiria alikuwa Temeke, kafumba jicho, kafumbua yuko Tegeta, na barabara iliyomfikisha huko haionekani. Sentensi moja moja zinaweza kuwa sawa ila hazishikani. Huko ndo kuchepuka kwa mawazo.

Wa nne anasema haraka bila kupumua "boda, bodaboda, soda, ninunulie soda baridi, baridi iko Arusha, Arusha nina ghorofa!" Gari inabadili ruti kila kituo, ila kila kona unaiona imetoka wapi, boda imezaa soda kwa mlio, baridi imezaa Arusha kwa maana. Hayo ni mawazo yanayokimbizana, na yakiambatana na usemi wa kasi ambao hata ukijaribu kuukatiza haukatiki, unaanza kufikiria mania.

Wote wanne kwenye faili lako waliandikwa "anaongea ovyo". Mwaka 1979 daktari wa akili wa Marekani, Nancy Andreasen, alichapisha maelezo ya aina 18 za kuvurugika kwa usemi na mawazo, kila moja na maana yake na mfano, akaonyesha kwamba nyingi ambazo watu walidhani ni za skizofrenia peke yake zilikuwepo pia kwa wagonjwa wa mania. Kwa hiyo hata "mawazo yamevurugika" haikupeleki popote mpaka useme yamevurugikaje. Ila tusizidishe, hata kwa maana zile wachunguzi walikubaliana vizuri kwa baadhi ya aina na kwa nyingine, hasa zinazotokea kwa nadra, hawakukubaliana sana. Ndo maana jina la dalili haliandikwi peke yake, pembeni yake unaweka maneno ya mgonjwa mwenyewe kama alivyoyatamka, sentensi mbili tatu kwenye alama za kunukuu. Kama jina umekosea, msomaji atarekebisha mwenyewe kwa kusoma nukuu.

Tufanye mgonjwa wa kutunga tuone inabadilisha nini. Mwanaume, miaka 42, fundi gereji, analetwa na kaka yake usiku. Karatasi ya rufaa inasema: "Amechanganyikiwa, saikotiki, mkorofi, hana ushirikiano." Ukisoma hivyo mkono unaenda wenyewe kwenye haloperido au klopromazini na kumpeleka wodi ya akili.

Huyohuyo akiandikwa kwa maelezo: "Amelala, nguo zimelowa jasho, mikono yote inatetemeka akiinyoosha. Anashikashika shuka na kukamata kitu hewani, anasema 'nawatoa hawa sisimizi', sisi hatuoni kitu. Anajibu swali la kwanza, la pili anaangalia ukutani, inabidi aitwe jina mara mbili. Anasema yuko gereji na leo ni Jumatatu, leo ni Alhamisi. Alipoombwa kutaja siku kurudi nyuma alisema Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Jumamosi, kisha akauliza tunataka nini. Saa 3 usiku alikuwa anaongea vizuri na kaka yake, saa 3:40 alikuwa anajaribu kushuka kitandani akisema gari inawaka moto. Kaka anasema anakunywa gongo kila siku kwa miaka, hajanywa tangu Jumatatu."

Hakuna neno gumu hata moja humo na utambuzi unakaribia kujiandika. Umakini umeporomoka, hali inapanda na kushuka ndani ya saa moja, hajui siku wala mahali, anaona vitu, mwili unatetemeka na kutoka jasho. Hii ni deliriamu, yaani ubongo unaumizwa na kitu cha mwilini, na kwa mlevi wa kila siku aliyekatisha pombe ghafla, siku ya 2 hadi ya 4 ndo wakati wake hasa. Anatakiwa kupimwa sukari, joto, malaria, kichwa kiangaliwe kama alianguka, apewe diazepamu, na sindano ya vitamini B1 kabla au pamoja na dripu ya glukosi, sio glukosi peke yake. Haloperido au klopromazini bila diazepamu zinaweza kumsogeza karibu na degedege ambalo tayari yuko hatarini kulipata. Huko ndiko lebo ilikuwa inampeleka.

Kuna tahadhari hapa. Kuona sisimizi peke yake hakuthibitishi deliriamu, wapo wenye skizofrenia wanaoona vitu na wapo wenye deliriamu wanaosikia sauti. Kilichobeba uzito ni umakini, na ndo kitu ambacho lebo huwa hazikigusi kabisa. Ipo pia deliriamu ya kimya, mzee amelala tu, hasumbui, na faili linasema "ametulia, ana ushirikiano" siku tatu mfululizo wakati hajui hata yuko mji gani. Mtu aliyetulia naye anaulizwa siku za wiki kurudi nyuma.

Sehemu nyingine inayoharibika sana huku kwetu ni kurogwa. "Ana delusheni ya kurogwa" haitoshi, kwa sababu imani ambayo jamii yake yote inayo, yenyewe haihesabiki kuwa delusheni. Andika anachosema na wa kwao wanasemaje: "Anasema jirani anamnyonya mawazo kupitia bomba la maji kila saa 8 usiku. Dada yake anasema familia inaamini uchawi ila hajawahi kusikia kitu kama hiki, na wao pia kimewashangaza." Sentensi ya dada ndo inafanya kazi yote hapo. Na kama mlikuwa mnaongea Kisukuma kupitia huyohuyo dada, liandike hilo pia, maana ndugu anayetafsiri mara nyingi ananyoosha sentensi zilizopinda, na mtiririko wa mawazo unaousoma unaweza kuwa wa dada.

"Hana insaiti" nayo igeuze hivihivi. "Anakubali halali usingizi, anasema ni majini sio ugonjwa, yuko tayari kumeza dawa za usingizi ila sio nyingine." Mtu wa kliniki anayempokea wiki ijayo anajua aanzie wapi mazungumzo ya dawa.

La mwisho ni vitu ambavyo hukuvigusa. "Hakuna mawazo ya kujiua" kwenye faili inaweza kumaanisha uliuliza akakataa, au hakusema na wewe hukuuliza, na anayesoma hana namna ya kutofautisha. Andika "nimemuuliza kama amewahi kufikiria kujiua, amesema hapana, amesema watoto wake bado wadogo", au kama haikuwezekana, "sijauliza, hakuweza kufuatilia maswali, aulizwe asubuhi", halafu weka saa na jina lako.