Je, Wajua Kwa Nini Fuwele za Pembesita Huandikwa kwa Fahirisi Nne?

“Kama nafasi ina vipimo vitatu tu, ile namba ya nne kwenye (1 0 -1 0) inafanya kazi gani, na nitaipataje nikiwa na namba tatu?”

Kazi yake ni kuonyesha undugu. Nyuso ambazo fuwele yenyewe haizitofautishi zinapaswa kuandikwa kwa namna inayofanana, na namba tatu peke yake hushindwa kufanya hivyo pale fuwele inapokuwa na ulinganifu wa pembesita, kama ilivyo kwa magnesiamu, zinki na titani. Kuipata ni rahisi sana kwa mabapa, yaani nyuso tambarare za atomi ndani ya fuwele, lakini kwa mielekeo kuna kanuni nyingine kabisa, na kuzichanganya kanuni hizo mbili ndiko kunakozaa makosa mengi kuliko jambo lingine lolote katika somo hili.

Chukua karatasi uchore pembesita yenye pande sawa, kisha uweke nukta katikati. Kutoka kwenye nukta hiyo chora mshale unaofika kwenye kona ya kulia kabisa, uuite a1. Zunguka nyuzi 120 kinyume cha mwendo wa saa, uchore mshale wa pili hadi kwenye kona, uuite a2. Zunguka nyuzi 120 tena upate a3. Mhimili wa mwisho, c, unasimama wima kutoka kwenye karatasi na hauonekani kwenye mchoro. Mishale mitatu ya chini ina urefu mmoja, na ukiiunganisha mmoja baada ya mwingine unarudi pale ulipoanzia, yaani a1 + a2 + a3 = 0. Usawa huo mdogo ndio unaozaa kila kanuni itakayofuata.

Mfumo wa namba tatu, ambao William Hallowes Miller, mzaliwa wa Wales, aliueneza kwa kitabu chake cha mwaka 1839, hutumia a1, a2 na c tu. Bapa hupewa namba kwa kutazama linakata kila mhimili umbali gani kutoka katikati, kisha moja hugawanywa kwa umbali huo, na bapa lisilokata mhimili fulani hupewa sifuri. Tukizunguka pande sita za mchoro wetu, ambazo ni nyuso sita za mche wa pembesita zikitazamwa kutoka juu, tunapata mfululizo huu: (1 0 0), (0 1 0), (-1 1 0), (-1 0 0), (0 -1 0), (1 -1 0). (Vitabuni alama ya hasi huwekwa kama kistari juu ya tarakimu, hapa nitaiweka mbele yake.)

Utazame vizuri mfululizo huo. Nyuso zote sita ni sawa kabisa, kwa kuwa ukiizungusha fuwele nyuzi 60 uso mmoja unakaa mahali pa mwenzake, lakini nne kati yake zina tarakimu moja isiyo sifuri ilhali mbili zina tarakimu mbili. Ubaya zaidi ni kwamba (1 1 0) inafanana na (1 -1 0) kama pacha, na mtu aliyezoea fuwele za mchemraba ataziweka katika kundi moja bila kusita. Sivyo hata kidogo. Kwenye mchoro, (1 1 0) ni mstari unaotoka kwenye ncha ya a1 hadi ncha ya a2, ukiiruka kona iliyo katikati yao. Haupiti kwenye upande wowote wa pembesita. Katika magnesiamu, ambayo a yake, yaani urefu wa a1, ni nanomita 0.321, mabapa ya (1 -1 0) yameachana kwa nanomita 0.278, ilhali yale ya (1 1 0) yameachana kwa nanomita 0.160 tu. Ni mabapa ya aina mbili tofauti yaliyovikwa sare moja.

Sasa tuuingize mhimili a3, kwa utaratibu unaobeba jina la Mfaransa Auguste Bravais pamoja na la Miller. Mstari wa (1 1 0) tuliouchora unakata nusu ya njia inayoelekea kwenye kona iliyorukwa. Kona hiyo iko upande wa pili wa ncha ya a3, kwa hiyo umbali kwenye a3 ni -1/2, na moja ikigawanywa kwa umbali huo tunapata -2. Bapa letu linakuwa (1 1 -2 0). Upande wa pembesita unaotoka kwenye ncha ya a1 hadi kona hiyohiyo unakata a3 kwenye -1, hivyo (1 0 0) inakuwa (1 0 -1 0). Si bahati nasibu. Kwa kuwa a3 ni a1 na a2 zilizojumlishwa na kugeuzwa, bapa lolote ambalo namba zake mbili za kwanza ni h na k hukata a3 kwenye umbali wa -1/(h + k), na kwa hiyo fahirisi ya tatu ni hii:

```
(h k l)  ->  (h k i l),   i = -(h + k)
```

Kurudi kwenye namba tatu, unaifuta i basi. Nyuso zetu sita sasa zinasomeka (1 0 -1 0), (0 1 -1 0), (-1 1 0 0), (-1 0 1 0), (0 -1 1 0) na (1 -1 0 0). Zote zina 1, -1 na 0 zilizobadilishana nafasi, na sifuri ya mwisho haijaguswa. Ile (1 1 -2 0) imejitenga yenyewe, kwa sababu hakuna namna ya kuzipanga upya tarakimu za kundi la kwanza ukapata 2. Hapo ndipo namba ya nne inapolipa gharama yake: jicho linatambua jamaa bila mchoro wowote.

Kwa mielekeo, hoja inabadilika. Mwelekeo haukati mihimili, ni safari. Namba zake hueleza unatembea hatua ngapi sambamba na kila mhimili, na huandikwa ndani ya mabano ya mraba. Ukiwa na mihimili minne, safari moja inaweza kuelezwa kwa njia zisizo na idadi, kwa maana hatua moja ya a1, moja ya a2 na moja ya a3 hukurudisha ulipokuwa, hivyo unaweza kuongeza namba ileile kwenye fahirisi zote tatu za kwanza bila kubadili chochote. Ili pabaki jibu moja tu, tunauandika mwelekeo [u v t w] na kuweka sharti kwamba u + v + t = 0. Mahali pa a3 tukiweka -(a1 + a2), safari ya [u v t w] inakuwa hatua u - t za a1 na hatua v - t za a2. Namba tatu za safari hiyohiyo tukiziandika kwa herufi kubwa, [U V W], na kuligeuza hilo kwa kutumia sharti letu, tunapata:

```
u = (2U - V)/3
v = (2V - U)/3
t = -(U + V)/3
w = W

U = u - t,   V = v - t,   W = w
```

Jaribu kwa mhimili a1 wenyewe, yaani [1 0 0]. Kanuni inatoa 2/3, -1/3, -1/3 na 0. Ukizidisha kwa 3 unapata [2 -1 -1 0]. Mtu anayeazima kanuni ya mabapa angeandika [1 0 -1 0], na jibu hilo linaonekana safi na halali, kwani hata jumla ya namba tatu za kwanza ni sifuri. Lakini [1 0 -1 0] ukiirudisha kwenye namba tatu ni [2 1 0], safari ya hatua mbili za a1 na moja ya a2, ambayo kwenye karatasi yako inaelekea katikati ya upande wa pembesita badala ya kona. Amepotea kwa nyuzi 30 kamili, na hakuna kitu kwenye maandishi yake kitakachomwonya.

Kosa la pili ni jembamba zaidi. Katika magnesiamu, fuwele inapobanwa kando ya c, mabapa ya (1 1 -2 2) yanaweza kuteleza katika mwelekeo ambao kwa namba tatu ni [-1 -1 1]. Tuubadilishe. u ni (-2 + 1)/3, yaani -1/3, v vilevile ni -1/3, t ni 2/3, na w inabaki 1. Tunataka namba nzima, kwa hiyo tunazidisha kwa 3, na hapa wengi huzidisha zile tatu zenye sehemu na kuisahau w kwa kuwa tayari ilikuwa namba nzima. Wanapata [-1 -1 2 1]. Jibu sahihi ni [-1 -1 2 3], kwa sababu safari yote lazima irefushwe kwa kiwango kimoja. La sivyo unaishusha chini na kuielekeza kwingine.

Njia ya kugundua kosa ipo, nami naipenda kuliko kuikagua hesabu upya. Mwelekeo ukiwa umelala ndani ya bapa, ni lazima hu + kv + it + lw iwe sifuri. Kwa jibu sahihi: -1 - 1 - 4 + 6 = 0. Kwa lile lenye kosa: -1 - 1 - 4 + 2 = -4, kwa hiyo mwelekeo huo unatoka nje ya bapa na atomi haziwezi kuteleza juu ya bapa hilo kuufuata. Jaribio hili hufanya kazi kwa fahirisi nne zote mbili au tatu zote mbili, mradi usichanganye bapa la namba nne na mwelekeo wa namba tatu.

Ile 3 tuliyozidisha nayo inaacha alama. [2 -1 -1 0] ina urefu wa mara tatu ya a1, na ndiyo sababu anayetaka hatua halisi ya atomi, si mwelekeo tu, huandika 1/3[2 -1 -1 0]. Vivyo hivyo hatua ya mtelezo tuliouona ni 1/3[-1 -1 2 3], ambayo katika magnesiamu, yenye c ya nanomita 0.521, ina urefu wa nanomita 0.612 hivi.

Katika orodha za mistari ya mnururisho wa eksirei utakutana na 100, 002 na 101 za magnesiamu zikiwa na tarakimu tatu tu. Ni mabapa, kwa hiyo i imeachwa kwa kuwa kila msomaji anaweza kuijaza, wengine huacha nukta mahali pake na kuandika (10.1). Kwa mielekeo usijaze hivyo, maana hujui kama mwandishi alianza na namba tatu au alifuta t kutoka kwenye nne.

Kuna zawadi nyingine ndani ya mfumo huu, ila ina mpaka. Mwelekeo [1 0 -1 0] unasimama kwa pembe mraba juu ya bapa (1 0 -1 0), na ndivyo ilivyo kwa kila bapa ambalo tarakimu yake ya mwisho ni sifuri, jambo ambalo namba tatu hazikupi. Bapa likiinama kuelekea c, uhusiano huo unavunjika, kwa sababu c na a hazilingani. Mwelekeo unaosimama wima juu ya (h k i l) una h, k na i zilezile, lakini namba yake ya mwisho ni l × 1.5 × (a/c)². Kwa (1 0 -1 1) ya magnesiamu hiyo ni 0.57 badala ya 1, na anayechukua [1 0 -1 1] akidhani ndio mstari wima wa bapa hilo anakosea kwa takriban nyuzi 15.