Makato ya sare, chakula na vifaa vilivyoharibika: bosi wa Marekani anaruhusiwa kukata hadi wapi?

Tangu majira ya joto malalamiko ya makato yamezidi kwenye dawati letu, hasa kutoka kwa ndugu wanaofanya kazi jikoni, hotelini na kwenye makampuni ya usafi. Wengi wanaanza kwa sentensi moja: "Wamenikata hela yangu, na mimi sikukubali." Wengine wanaanza kinyume chake: "Nilisaini mwenyewe siku ya kwanza, basi nimekwisha." Wote wawili wanatuuliza swali lisilo lenyewe. Kwa sheria ya shirikisho, jambo la kwanza kuangaliwa si kama ulikubali au ulikataa. Ni kilichobaki mkononi baada ya makato kutoka.

Sheria inayohusika ni ile ya mwaka 1938 ya viwango vya kazi, inayosimamiwa na Kitengo cha Mishahara na Saa za Kazi cha Idara ya Kazi ya Marekani. Inasema mfanyakazi alipwe angalau dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho hakijabadilika tangu Julai 2009. Kanuni zake zinaongeza kwamba fedha hiyo imfikie mfanyakazi ikiwa kamili, bila kurudishwa kwa mwajiri kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo sare na vifaa vinapoingia. Sare ambayo mwajiri anaitaka, au kifaa ambacho kazi yake inakihitaji, ni gharama ya biashara yake. Anaweza kukutoza, lakini makato hayo hayaruhusiwi kukushusha chini ya 7.25 kwa kila saa uliyofanya wiki ile. Akikulipa 7.25 kamili, hana nafasi ya kukata hata senti moja kwa ajili ya shati lenye nembo yake.

Hili halibadiliki hata kama kosa ni lako. Narudia kwa sababu mameneja wanabishana nasi kila wiki, na wafanyakazi nao wanaona aibu kulalamika wakati kweli sahani ziliwaponyoka. Kifaa kilichovunjika, upungufu wa fedha kwenye droo ya mauzo, mteja aliyekula akaondoka bila kulipa: vyote hivi vinabanwa na mpaka uleule, uwe ulizembea au hukuzembea. Sahihi yako haikiondoi kima cha chini. Huwezi kukiuza wala kukisamehe, hata ukitaka.

Upande wa pili nao usemwe. Juu ya mpaka huo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inaruhusu makato. Anayelipwa dola 15 kwa saa akikatwa dola 40 za sare, kwa sheria hiyo peke yake hakuna wizi hapo, na kuandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kampuni "inakula damu ya wahamiaji" hakutaibadilisha hesabu. Kinachoweza kumsaidia mtu huyo ni sheria ya jimbo lake, ambayo nitaigusa mbele.

Tuchukue hesabu moja, tuifuate hadi mwisho. Ni mfano niliouunda, lakini unafanana na karatasi za malipo tunazoziona. Mfanyakazi wa jikoni huko Texas analipwa dola 8.25 kwa saa. Wiki moja amefanya saa 36, kwa hiyo kabla ya kukatwa chochote ana dola 297. Mwajiri anamkata 40 za mashati mawili ya sare, 60 za blenda aliyoiangusha, na 25 za chakula, yaani dola tano kwa kila siku ya kazi kwa siku tano. Jumla ni 125, na zinabaki 172.

Kima cha chini cha wiki ile ni saa 36 mara 7.25, yaani 261. Toa 261 kwenye 297, utapata 36. Hiyo ndiyo nafasi yote ya mwajiri kwa sare na blenda. Kodi za serikali na mchango wa hifadhi ya jamii haziingii kwenye hesabu hii. Hizo zinahesabiwa kama fedha uliyokwisha kulipwa. Kwa hiyo usichukue kiasi kilichoingia benki ukagawanya kwa saa. Kosa hilo tunaliona sana, na linawafanya watu waje wakiwa wameshakasirika bure.

Chakula kina njia yake. Sheria inamruhusu mwajiri kuhesabu gharama halisi ya chakula alichokupa kama sehemu ya mshahara, hata kama fedha taslimu itashuka chini ya 7.25. Lakini ni gharama halisi: unga, nyama, mafuta, kile kilichomtoka yeye. Haruhusiwi kupata faida, kwa hiyo bei ya kwenye menyu haihusiki. Anatakiwa awe na kumbukumbu zinazoonyesha gharama hiyo aliipataje. Na ni chakula ulichopewa kweli. Mfumo wa kompyuta unaokata dola tano kila zamu, uwe umekula au umeshinda na njaa kwenye mashine ya vyombo, haupati ruhusa hii.

Tuseme gharama halisi ya chakula kile ni dola 2.50 kwa siku, basi kwa siku tano ni 12.50. Hizo zinahesabika kama mshahara. Zile 12.50 nyingine ni faida ya mwajiri, nazo zinaingia kwenye kapu moja na sare na blenda. Kapu lile lina nafasi ya dola 36 tu. Kwa hiyo makato yote ya juu kabisa ni 36 ukijumlisha 12.50, yaani 48.50. Mfanyakazi alitakiwa abaki na dola 248.50 kabla ya kodi. Alibaki na 172. Anadai 76.50 kwa wiki moja.

Mwajiri akiwa mjanja kwa njia halali, atazigawa gharama hizo kwenye wiki kadhaa. Hilo linaruhusiwa, ila kila wiki inahesabiwa peke yake. Wengi mnalipwa kila baada ya wiki mbili, na karatasi inaonyesha jumla. Wiki ya saa 40 haiwezi kuibeba wiki ya saa 18. Ukiona karatasi yako haitenganishi wiki, andika saa zako mwenyewe kwenye daftari au kwenye simu, siku kwa siku.

Kwenye wiki yenye ovataimu hata wahasibu hukosea. Mtu yuleyule akifanya saa 46, mwajiri atasema tofauti kati ya 8.25 na 7.25 ni dola moja, basi saa 46 zinampa nafasi ya dola 46. Sivyo. Nafasi inahesabiwa kama vile ulifanya saa 40 tu, kwa hiyo ni dola 40. Zile saa sita za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu, makato ya sare na vifaa hayazigusi.

Wahudumu wa mezani wanaolipwa dola 2.13 kwa saa na kujazia kwa bahshishi hawana nafasi kabisa. Mwajiri anayetumia bahshishi kufikisha kima cha chini ameshakuweka kwenye mpaka tangu mwanzo. Kukukata kwa glasi iliyovunjika au aproni ni kosa, hata usiku ule kama uliondoka na bahshishi nono.

Kuna ujanja mwingine: hawakati kwenye cheki, wanakutuma ukanunue mwenyewe visu vya jikoni au sare kwenye duka fulani, au ulipe taslimu ofisini. Mbele ya sheria ni mamoja. Fedha uliyotoa inaondolewa kwenye mshahara wa wiki ile kisha inapimwa. Tunza risiti. Lakini ukiambiwa tu uvae shati jeupe na suruali nyeusi ya kawaida, ambayo unaweza kuivaa hata kanisani, hiyo kwa kawaida si sare. Vifaa vya kujikinga, kama glavu za nyuzi za chuma kwenye viwanda vya nyama, vina sheria yake ya usalama: mwajiri analipa, haijalishi unalipwa kiasi gani. Viatu vya kawaida vyenye chuma kidoleni mara nyingi haviingii humo.

Sasa majimbo. Texas inadai idhini ya maandishi yenye sahihi yako, inayoeleza makato ni ya nini na ni kiasi gani. Karatasi inayosema "nakubali makato yoyote" haitoshi. Kentucky inakataza waajiri kukata kwa vitu vilivyovunjika na upungufu wa fedha, hata ukilipwa juu ya kima cha chini. Iowa inazuia makato ya uharibifu isipokuwa ulifanya kwa makusudi. Sheria mbili zikigongana, inayokulinda zaidi ndiyo inayofuatwa. Kwa hiyo jibu alilopewa binamu yako Louisville usilibebe kwenda nalo Houston.

Kulalamika kwenye Kitengo cha Mishahara na Saa za Kazi ni kwa simu, 1-866-487-9243, bila malipo, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili utatafutiwa. Uwe na jina na anwani ya mwajiri, jina la meneja, aina ya kazi, na jinsi na siku unazolipwa. Karatasi za malipo zinasaidia sana, lakini usiache kupiga kwa sababu huna; kutunza kumbukumbu za malipo kwa miaka mitatu ni wajibu wa mwajiri. Jina la mlalamikaji ni siri. Hawaulizi karatasi zako za uhamiaji. Mkaguzi akikubali suala, atapitia vitabu na kuhoji wafanyakazi kabla ya kukutana na mwajiri kuhusu fedha zinazodaiwa. Mwajiri anaweza kudaiwa kiasi kilekile mara mbili. Akirudia au akikusudia, kuna faini ya kiraia kwa kila kosa. Kwa jinai ya kukusudia, faini inafika dola 10,000, na kifungo cha hadi miezi sita kwa aliyewahi kutiwa hatiani. Kukufukuza kwa sababu umelalamika ni kosa lingine, linalojitegemea.

Makala hii ni elimu ya jumla, haichukui nafasi ya ushauri kwa suala lako. Ila muda hausubiri ushauri. Kwa sheria ya shirikisho unarudi nyuma miaka miwili, au mitatu kama mwajiri alikusudia, na kila wiki inayopita inaondoa wiki moja ya zamani kwenye dai lako. Dai la mshahara kwenye tume ya kazi ya jimbo la Texas lina siku 180 tu, kuanzia siku ambayo fedha ile ilitakiwa kulipwa.