Uraia pacha wa Kenya: kwanza sema ulikula kiapo lini

Kwenye makundi ya wosapu ya Wakenya walio ng'ambo, swali la uraia hujibiwa kwa sentensi moja: siku hizi Kenya inaruhusu uraia pacha, wewe njoo tu. Kuruhusu inaruhusu, ila si kwa kila mtu kwa namna moja, na kinachowatenganisha watu ni tarehe: 27 Agosti 2010, siku Katiba ya sasa ilipoanza kutumika.

Tuchukue mfano wa kutunga, ndugu wawili kutoka Nyamira walioishi Minnesota. Dada alifika huko 1996, akala kiapo cha uraia wa Marekani Mei 2007. Mdogo wake wa kiume alimfuata baadaye, naye akaapa 2013. Dada ana kijana aliyezaliwa Minneapolis 1999, na ana shamba la ekari mbili nyumbani alilonunua 2003. Sasa wote wanataka kurudi. Ukiwasikiliza wenzao, watatu hawa ni Wakenya sawasawa, lakini sheria inamshika kila mmoja kivyake.

"Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia"

Leo ni kweli. Ibara ya 16 ya Katiba inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Huyo ndiye mdogo mtu, aliyeapa 2013. Hahitaji kurejesha chochote, maana hakuna kilichoondoka.

Dada yake aliapa chini ya Katiba ya zamani, nayo haikuwa na huruma. Mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake alikoma kuwa Mkenya. Hakuandikiwa barua wala hakuitwa ofisini, ndiyo sababu wengi hawakujua. Katiba mpya haikuwarudisha watu hao moja kwa moja. Ibara ya 14(5) iliwapa haki ya kurejeshewa uraia *wakiomba*. Asiyeomba, machoni pa Idara ya Uhamiaji, bado ni mgeni.

Kuna watakaotaja kesi ya Miguna Miguna, na ni vizuri waitaje. Februari 2018 serikali ilimsafirisha kwa nguvu hadi Kanada, ikidai alipoteza uraia alipochukua wa Kanada zamani na hakuwahi kuomba kuurejesha. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kwamba uraia wake wa kuzaliwa haukuwa umepotea. Alishinda. Lakini alikuja kukanyaga Nairobi Oktoba 2022. Mtu asiye na mawakili wala miaka ya kusubiri ajaze fomu.

"Nina pasipoti ya Kenya, kwa hiyo mimi ni raia"

Hii ndiyo inayowanasa watu wa umri wa dada yetu. Tuseme aliapa Mei 2007, kisha 2009 akaenda ubalozini Washington akafanyiwa pasipoti mpya ya Kenya bila kuulizwa mengi. Kitambulisho anacho, cheti cha kuzaliwa anacho. Stakabadhi hizo zinathibitisha kwamba aliwahi kuwa raia. Hazithibitishi kwamba aliendelea kuwa raia baada ya kiapo, na hiyo ya 2009 ilitolewa wakati ambapo kisheria hakustahili kuipata. Asijaribu kuihuisha kimyakimya. Aipeleke kama ushahidi wa asili yake kwenye maombi ya kurejesha uraia.

Anayetaka kujua yuko upande gani wa mstari aangalie cheti cha uraia alichopewa siku ya kiapo. Pasipoti ya kigeni humpoteza mtu, kwa sababu tarehe iliyomo ni ya kutolewa kwa kitabu. Aliyeapa Julai 2010 akapata pasipoti Oktoba 2010 atajiona yuko salama, kumbe aliapa wiki chache kabla ya Katiba kubadilika.

"Kurejesha uraia ni kuomba fadhila"

Katiba inasema *ana haki* akiomba. Kwa hiyo hapimwi utajiri wala haulizwi amekaa Kenya miaka mingapi, kama anavyoulizwa mgeni anayetaka kuandikishwa kuwa raia. Anachotakiwa kuthibitisha ni mambo mawili: kwamba alikuwa raia wa kuzaliwa, na kwamba sasa ana uraia wa nchi fulani. La kwanza analithibitisha kwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasipoti ya zamani. La pili analithibitisha kwa cheti cha uraia wa kigeni na pasipoti ya huko. Maombi huanzia kwenye eCitizen, upande wa Uhamiaji. Akikubaliwa hupewa cheti, na ni kwa cheti hicho anaomba pasipoti mpya.

Panapokwama mara nyingi ni kwenye majina. Aliondoka akiwa na majina matatu, kule akaolewa na kuchukua jina la mume, na cheti cha uraia kikaacha jina la katikati. Ofisa anaona watu wawili. Cheti cha ndoa au hati ya kiapo ya kubadili jina iwekwe kwenye maombi tangu mwanzo, kabla haijaulizwa.

"Aliyeapa baada ya 2010 hana la kufanya"

Mdogo mtu hana cha kurejesha, ila ana cha kutangaza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kifungu cha 8, inamtaka mwenye uraia pacha autangaze ule uraia mwingine ndani ya miezi mitatu tangu aupate. Asiyetangaza anatenda kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata hivyo, kuchelewa kutangaza hakumvui uraia, na wapo wanaoogopa kwenda kutangaza wakidhani watanyang'anywa. Sioni mantiki ya hofu hiyo. Kila mwaka anaoendelea kunyamaza ndio unaomweka pabaya zaidi.

"Shamba ni langu, hati inasema hivyo"

Hapa pana uzito kuliko pote, na ndipo watu wanaporuka upesi.

Dada alinunua shamba 2003 akiwa raia, kwa umiliki usio na mwisho, ule mawakili wanaouita frihodi. Mwaka 2007 akakoma kuwa raia. Kisha ikaja 27 Agosti 2010. Ibara ya 65 ya Katiba inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Na Jedwali la Sita, kifungu cha 8, likaongeza kwamba frihodi yoyote iliyokuwa mikononi mwa asiye raia siku hiyo inarudi kwa Jamhuri, naye anapewa badala yake lizi ya miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Hati iliyo kabatini haikubadilika hata herufi moja. Haki iliyo nyuma yake ndiyo iliyobadilika.

Hakuna aliyekuja kumfukuza, na pengine hakuna atakayekuja. Suala huibuka siku ya kuuza, kurithisha au kuweka rehani, wakili wa upande wa pili anapouliza mwenye hati ni raia wa wapi na tangu lini. Huibuka pia kwenye mgogoro wa familia, shemeji anapogundua silaha ambayo hakujua anayo.

Sasa tuseme dada anataka kununua na ekari ya jirani. Ni ardhi ya kilimo, kwa hiyo mauzo lazima yapitie bodi ya udhibiti wa ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaitaka bodi ikatae idhini pale mnunuzi si raia. Wengine huzunguka kwa kuandikisha shamba kwa jina la ndugu, na kesi za namna hiyo zimejaa mahakamani. Mpangilio unaomfaa dada ni huu: arejeshe uraia kwanza, cheti kiwe mkononi, ndipo alipe arubuni ya jirani. Hati ya 2003 nayo aipeleke kwa wakili wa ardhi akiwa na cheti hicho, kabla ya kuuza au kurithisha.

"Mtoto aliyezaliwa ng'ambo lazima aombe upya"

Kijana wa 1999 ana bahati kuliko mama yake. Katiba ya zamani ilimhesabu mtoto aliyezaliwa nje kupitia baba tu. Ibara ya 14 ya sasa inamhesabu kupitia mama au baba, na inawafikia hata waliozaliwa kabla ya 2010 ikiwa mzazi *ni* au *alikuwa* raia. Mama yake alikuwa raia 1999. Kwa hiyo kijana ni raia wa kuzaliwa, na anachohitaji ni uthibitisho: cheti chake cha kuzaliwa cha Minnesota chenye jina la mama, na stakabadhi za Kenya za mama. Nazo zile za zamani, zilizodharauliwa hapo juu, sasa zina kazi.

"Kenya ikikubali, yameisha"

Kwa hawa wa Marekani, yameisha kweli. Mwingereza na Mkanada pia hawana tatizo. Lakini nchi nyingine huchukulia ombi la kurejesha uraia kama kuchukua uraia wa kigeni kwa hiari. Austria hukufuta mara moja, isipokuwa umepata kibali cha kubaki na uraia wake *kabla* ya kuomba. Uholanzi nayo hufuta, ingawa inamwachia, kwa mfano, aliyeishi miaka mitano mfululizo katika nchi hiyo nyingine akiwa bado mtoto. Mkenya aliyekulia Kakamega hadi kidato cha nne huenda akaokolewa na kipengele hicho. Ujerumani ilifungua mlango tarehe 27 Juni 2024, lakini haikurudi nyuma: aliyerejesha uraia wa Kenya kabla ya siku hiyo bila kibali cha Ujerumani anaweza kuwa alipoteza ule wa Kijerumani bila kujua.

Kwa anayezuiwa na nchi yake ya sasa, Kenya ina njia ya pembeni ambayo haitangazwi sana. Kifungu cha 37 cha sheria ya 2011 kinampa ukaazi wa kudumu mtu aliyekuwa raia wa kuzaliwa na asiyeweza kurejesha uraia kwa sababu nchi anakoishi haikubali uraia pacha. Ni jibu lililo jirani na hadhi maalumu wanayopewa wageni wenye asili ya Tanzania, nchi ambayo haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia pacha. Mwenye ukaazi wa kudumu anaishi na kufanya kazi Kenya. Hapigi kura, wala hapati frihodi.

"Nikisharejesha, nagombea"

Kupiga kura ndiyo. Kugombea pia, ila Ibara ya 78 inamkataza afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, na maafisa hao ni pamoja na wabunge na magavana. Majaji na makamishna wa tume za kikatiba wamesamehewa, pamoja na mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila uwezo wa kujitoa. Mdogo mtu, ambaye inasemekana ana jicho kwenye kiti cha ubunge, atalazimika kuukana uraia wa Marekani. Kuukana kunafanywa mbele ya ofisa wa ubalozi wao, nako kunachukua muda wake, kwa hiyo wiki ya kuapishwa si wakati wa kuanza.