Kwa nini pochi inaandika "Pending" wakati hela zimeshatumwa?

"Nimetumiwa bitikoini, na aliyenitumia amenipa skrinishoti. Imeandikwa Pending, chini yake Network fee, halafu Confirmations 0. Hela zangu ziko wapi, na ni nani hajazithibitisha?"

Haziko njiani, na hakuna mtu anayesubiriwa aziidhinishe. Kilichotoka kwa mtumaji ni ujumbe uliotiwa saini, unaoagiza kipande fulani cha bitikoini kihamie kwenye anwani yako. Kama skrinishoti ni ya kweli, ujumbe huo umeshasambaa kwenye kompyuta za mtandao na umeshakaguliwa. Kilichobaki ni kuingizwa kwenye daftari.

Tuchukue picha ya namna hii, tuisome hadi mwisho:

```
Sent            0.00250000 BTC
Status          Pending
Network fee     0.00000423 BTC (3 sat/vB)
Confirmations   0
TxID            7c1e94...d2a90f
```

Mara ya kwanza nilipopewa picha kama hii niliisoma kwa macho ya mtu aliyezoea M-Pesa. Niliamini zile Confirmations ni mihuri: kuna ofisi kama sita hivi mahali fulani, karatasi inapita mkono hadi mkono, na kila ofisi ikiridhika namba inapanda. Muamala wangu ulipolala kwenye 0 usiku kucha, niliwaandikia wenye pochi niliyokuwa natumia nikiwaomba waupitishe. Hawakuwa na mamlaka ya kupitisha chochote. Nimekutana na watu wengi wanaosoma hivyo hivyo, na siwalaumu, maana neno lenyewe "uthibitisho" linakupeleka huko. Kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Ukaguzi wa muamala wa bitikoini unafanyika wakati namba bado ni 0. Kila kompyuta inayoupokea huuliza mambo machache: saini ni ya mwenye kipande hiki? Kipande kipo kweli, na hakijatumika? Kiasi kinachotoka hakizidi kinachoingia? Jibu likiwa hapana, ujumbe unatupwa palepale na hausambazwi tena. Jibu likiwa ndiyo, unawekwa kwenye chumba cha kusubiri ambacho ukifungua tovuti za kuangalia miamala utakiona kimeandikwa mempool. Hiyo ndiyo Pending. Maana yake muamala ni halali ila haujapata nafasi yake kwenye mpangilio.

Kwa nini mpangilio ni jambo zito hivyo? Kwa sababu mtu mmoja anaweza kutia saini jumbe mbili kwa kipande kilekile: mmoja wa kukulipa wewe, mwingine wa kujirudishia mwenyewe. Saini zote mbili ni za kweli. Hakuna ukaguzi wa saini utakaoonyesha kwamba huu ni mbaya na ule ni mzuri. Linaloamua ni upi umetangulia kuandikwa. M-Pesa haina shida hii kwa kuwa daftari liko kwa mwenyewe mmoja, naye akiandika imeandikwa, ujumbe mfupi unakuja. Bitikoini haina mwenye daftari, kwa hiyo foleni lazima ipangwe kwa njia nyingine.

Njia yenyewe inafanana na kujenga ukuta. Fikiria mafundi wengi wanaoshindana kuweka kozi inayofuata ya ukuta mmoja. Kila kozi ni bloku moja ya miamala, na ili kupata haki ya kuiweka, fundi anachoma umeme mwingi kubahatisha namba ngumu. Anayeipata kwanza anapandisha kozi yake, na wengine wote wanahamia kujenga juu yake. Mafundi hao ndio wanaoitwa wachimbaji. Kwa wastani kozi moja inapanda kila dakika 10.

Muamala wako ukiingia kwenye kozi mpya, pochi inaandika Confirmations 1. Kozi nyingine ikipanda juu yake, inakuwa 2. Ikipanda ya tatu, 3. Hakuna aliyeutazama tena muamala wako. Kilichoongezeka ni uzito ulio juu yake. Tofali lililoko kozi ya juu kabisa, simenti ikiwa bado mbichi, unaweza kulitoa kwa mkono. Lililofunikwa na kozi tano hulitoi bila kubomoa zote tano, na hapa kubomoa hakutoshi: mbomoaji anatakiwa azijenge upya zote kwa umeme wake mwenyewe, na kwa kasi kuliko mafundi wengine wote wanaoendelea kupandisha ukuta halali.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Tuseme muamala wa picha yetu umeingia bloku ya 870,412, na bloku ya mwisho kwa sasa ni 870,414:

```
870414 - 870412 + 1 = 3
```

Ndiyo sababu namba hii haina mwisho. Pochi ikikuandikia 3/6, hiyo 6 imewekwa na waliotengeneza pochi au na soko unalotumia. Mtandao wenyewe haujui 6. Muamala wa bitikoini 10,000 ambao Laszlo Hanyecz alinunulia piza mbili mwezi Mei 2010 una uthibitisho zaidi ya 800,000, na kila bloku mpya inauongezea mmoja. Hakuna aliyeugusa tangu siku ile. Kila nikiifikiria hesabu hiyo nafurahi, kwa kuwa inaonyesha waziwazi kwamba kinachohesabiwa ni kina.

Hiyo 6 nayo ina asili yake. Katika waraka wa mwaka 2008 ulioanzisha bitikoini, Satoshi Nakamoto alipiga hesabu ya mshambuliaji mwenye asilimia 10 ya nguvu zote za uchimbaji. Kwa bloku 6, nafasi yake ya kuufikia na kuupita ukuta halali ilitoka karibu asilimia 0.02. Ni namba nzuri, ila imesimama juu ya lile sharti la asilimia 10. Mshambuliaji akiwa na nguvu kubwa zaidi, 6 inapungua thamani. Mwezi Machi 2013 matoleo mawili ya programu ya bitikoini yalipishana, ukuta ukagawanyika mara mbili, na upande mmoja wenye bloku 24 ukaachwa kabisa. Miamala mingi ilikuwa imeandikwa pande zote mbili, kwa hiyo wengi hawakupoteza, lakini kwa saa kadhaa hata 6 haikuwa na uhakika.

Sasa mstari wa Network fee. Hapa kosa la kawaida ni kudhani ada ni asilimia ya kiasi kinachotumwa, au kwamba inaingia mfukoni kwa wenye pochi. Ada hii anaichukua mchimbaji aliyeweka bloku, na inapimwa kwa nafasi ambayo muamala unachukua ndani yake, kwa sababu bloku ina ukubwa wenye kikomo. Bitikoini moja ina satoshi 100,000,000. Picha yetu inasema 3 sat/vB, yaani satoshi 3 kwa kila baiti ya nafasi. Muamala wa kawaida wa pochi za sasa, wenye kipande kimoja kinachoingia na viwili vinavyotoka, unachukua nafasi ya baiti 141. Mara 3 ni satoshi 423, na ndizo hizo 0.00000423.

Vipande viwili vinatoka kwa nini, na mpokeaji ni mmoja? Kimoja ni chako, kingine ni chenji inayorudi kwa mtumaji. Ni sawa na kutoa noti ya elfu kumi kununua kitu cha elfu mbili. Na kama vile mtu anayelipa kwa mfuko wa sarafu anavyobeba mzigo mzito kuliko mwenye noti moja, mtumaji aliyekusanya hela zake kwa vipande vidogo kumi atakuwa na muamala wa nafasi kama 753. Kwa kiwango kilekile cha 3, atalipa satoshi 2,259 kukutumia kiasi kilekile. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ada inatosha, usitazame jumla. Tazama hiyo namba iliyo mbele ya sat/vB, kisha uilinganishe na kiwango kinachoonyeshwa siku hiyo kwenye tovuti kama mempool.space. Wachimbaji kwa kawaida huanza na wanaolipa zaidi kwa kila nafasi. Kama foleni inaenda kwa 12 na wewe uko kwenye 3, utakaa.

Kukaa kwenyewe kuna namna mbili, na ni rahisi kuzichanganya. Kuna siku ada inatosha kabisa ila bloku yenyewe imechelewa. Zile dakika 10 ni wastani wa bahati nasibu. Kwa siku zinawekwa bloku kama 144, na kwa hesabu hiyo pengo la zaidi ya nusu saa kati ya bloku na bloku hutokea takribani mara saba kila siku. Hapo ni kusubiri tu. Namna ya pili ni pale bloku zinapopita, moja, mbili, tano, na wewe bado uko 0. Hapo tatizo ni ada. Mtumaji anaweza kubonyeza kitufe ambacho kwenye pochi nyingi huandikwa Speed up au Bump fee, akatuma upya muamala uleule kwa ada kubwa zaidi. Asipofanya lolote, kompyuta zinazotumia mipangilio ya kawaida ya Bitcoin Core hufuta ujumbe huo baada ya saa 336, yaani siku 14, na kipande kinabaki kwake kana kwamba hakikutumwa.

Kitufe hicho ndicho kinachoifanya skrinishoti ya Pending isiwe risiti. Njia ileile ya kutuma upya inaweza kubadilisha hata anwani ya mpokeaji, ilimradi ada iongezeke na muamala wa kwanza uwe bado kwenye 0. Aliyekuonyesha picha saa nne anaweza kuwa amejirudishia hela saa nne na robo. Na picha yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa kwa programu ya kuhariri picha.

Kwa hiyo mwombe TxID, yaani namba ya utambulisho wa muamala, kwa maandishi, herufi na tarakimu zote 64, uibandike mwenyewe kwenye tovuti ya kuangalia miamala. Soma anwani iliyopokea, herufi kwa herufi, kama ni yako kweli. Soma kiasi kilichoelekezwa kwenye anwani hiyo, usichanganye na chenji. Ukijibiwa kwamba muamala haupo, basi ama haukuwahi kutumwa, ama umeshabadilishwa na mwingine, ama umefutwa kwenye foleni. Ukiuona upo na umeandikwa Unconfirmed, bidhaa ibaki kwako hadi bloku ya kwanza iingie. Kwa simu ya mtumba, 1 hunitosha. Kwa gari au kiwanja ningesubiri 6, yaani kama saa moja.